Uso Umefunikwa, Kisha Unachungulia: Kutatua Kasoro za Ukungu wa Nyuso na Namba za Magari Kwenye Video ya Tukio

Video ilikuwa ya dakika 12: mbio za wakazi, barabara imefungwa, watoto wengi pembeni, na magari yameegeshwa mstari mzima. Nilipitisha faili kwenye programu ya kufunika nyuso, nikaitazama kwa kasi ya kawaida, nikaona iko safi. Kisha nikaisimamisha mahali popote tu na kubonyeza kitufe cha kusogeza fremu moja moja. Fremu ya nne, mtoto aliyekuwa mbele ya kamera alikuwa wazi kabisa, ameangalia lenzi. Fremu ya sita amefunikwa tena.

Hapo ndipo matatizo mengi ya kazi hii yalipo. Video ya dakika 12 yenye fremu 30 kwa sekunde ina fremu 21,600. Kigunduzi, yaani sehemu ya programu inayotafuta nyuso, kikikosa fremu 1 katika kila 100 kwa mtu aliyeonekana muda wote, mtu huyo anabaki wazi kwenye fremu 216. Macho yako hayazioni kwa sababu zinapita haraka, lakini anayetaka kumjua mtu hahitaji video nzima. Fremu moja anayoweza kuipiga picha ya skrini inamtosha.

Ninatumia `deface`, programu huria ya Python ambayo ndani yake kuna kigunduzi kiitwacho CenterFace. Mengi ya hapa chini yanahusu pia programu nyingine za aina hiyo, maana kasoro zinafanana. Amri ya kuanzia ni hii:

```
pip install deface
deface mbio.mp4 --keep-audio
```

Bila `--keep-audio` faili linatoka bubu. Watu hudhani programu imeharibika, kumbe ndivyo ilivyoandikwa. Kabla ya kuirudisha sauti, sikiliza kwanza. Kwenye video yangu mtangazaji alikuwa anasoma majina kamili ya watoto waliomaliza mbio, kwa kipaza sauti, huku nyuso zao nimezifunika kwa bidii.

Dalili: ukungu unapepesa, uso unatokea na kupotea

Chanzo ni kwamba programu ya namna hii huangalia kila fremu peke yake. Haikumbuki kwamba sekunde moja iliyopita palikuwa na uso mahali fulani. Mtu akigeuza shingo, mkono ukipita mbele yake, kamera ikitikisika hadi picha ikavutika, au jua likimpiga ghafla, alama ya uhakika ambayo kigunduzi huupa uso inashuka chini ya kizingiti, yaani kiwango cha chini kinachokubaliwa, na kisanduku kinachouzunguka uso kinatoweka. Fremu inayofuata alama inapanda, kisanduku kinarudi.

Jambo la kwanza ambalo watu hulifanya ni kushusha kizingiti. Kwenye `deface` kizingiti cha kawaida ni 0.2, na unaweza kukiteremsha:

```
deface mbio.mp4 --thresh 0.1 --mask-scale 1.5 --keep-audio
```

Hiyo `--mask-scale` inapanua eneo la ukungu. Kawaida ni 1.3, yaani kisanduku kinakuzwa kidogo kupita uso wenyewe. Kwa video yenye watu wanaokimbia, 1.5 inafunika pia nywele na kidevu, vitu ambavyo jirani anaweza kukujua navyo. Kizingiti kikishuka, ukungu utaanza kutokea kwenye magurudumu, mabango na maua ya fulana. Mimi sihangaiki nao. Gurudumu lililofunikwa halimdhuru mtu. Ila ukishuka chini sana, nusu ya picha inachafuka na video haina maana tena, na bado yule mtoto aliyegeuka upande anaweza kuwa wazi, kwa sababu kwake alama haikuwa ndogo tu, haikuwepo kabisa.

Kwa hiyo dawa ya kweli ni kumbukumbu. Kazi igawe mara mbili: mzunguko wa kwanza unagundua na kuhifadhi visanduku vya kila fremu bila kufunika chochote, wa pili unafunika. Katikati yake unajaza mapengo. Kuna njia za kisasa za kumfuatilia kila mtu kwa namba yake, lakini kwa video ya tukio la kawaida njia ya kijinga inashinda. Kila fremu ifunikwe visanduku vyake pamoja na vya fremu 8 za kabla na 8 za baada:

```python
def jaza(visanduku, k=8):
    # visanduku[i]: orodha ya (x1, y1, x2, y2) za fremu i
    n = len(visanduku)
    return [
        [b for j in range(max(0, i - k), min(n, i + k + 1))
           for b in visanduku[j]]
        for i in range(n)
    ]
```

Pengo la hadi fremu 16 linafungika, kwa kuwa nusu yake inafunikwa na visanduku vya kushoto na nusu na vya kulia. Kwa fremu 30 kwa sekunde hiyo ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Faida ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi. Mtu anapoingia kwenye picha kutoka pembeni, kigunduzi hukawia fremu kadhaa kabla ya kumwona, kwa kuwa nusu ya uso bado iko nje. Kwa kuwa visanduku vya fremu zinazofuata vinarudishwa nyuma, ukungu unamtangulia badala ya kumkimbilia.

Mipaka yake ni miwili. Kamera ikigeuzwa kwa haraka, kisanduku cha fremu 8 zilizopita kitakuwa kinafunika hewa wakati uso umeshahama. Vipande vya namna hiyo ama unavikata, ama unavitia ukungu picha nzima. Kwangu vilikuwa vitatu, vyote vya mtu aliyekuwa anakimbia na simu mkononi, na sikukuna kichwa, nilivikata. Mpaka wa pili ni mtu anayekaa wazi kwa sekunde nyingi bila kugunduliwa hata mara moja. Hapo hakuna cha kujazia, na sababu huwa ni dalili inayofuata.

Dalili: nyuso za mbele zinafunikwa, za nyuma haziguswi hata mara moja

Pima uso huo kwa pikseli kabla ya kulaumu kigunduzi. Kwenye video yangu ya 3840 kwa 2160, watazamaji waliokuwa ng'ambo ya barabara walikuwa na nyuso za upana wa pikseli kama 60. Ukiitazama kwenye skrini kubwa unawajua vizuri. Lakini ili kazi iende upesi nilikuwa nimeweka `--scale 640x360`, ambayo inapunguza picha mara 6 kabla ya kugundua. Pikseli 60 zinakuwa 10. Kwa upana huo uso ni doa.

Nilipoweka `--scale 1280x720`, zile 60 zikawa 20, na sehemu kubwa ya watazamaji wakafunikwa. Kazi ikawa polepole, na hilo halikwepeki, kwa sababu pikseli za kuchunguza zimeongezeka mara 4.

Usikimbilie kuondoa `--scale` kabisa ukidhani kikubwa ndicho bora siku zote. Vigunduzi hivi vimefundishwa kwa picha ndogo kuliko video za siku hizi, na uso uliojaa robo ya picha ya 4K unaweza kukosewa kwa kuwa ni mkubwa mno. Kinachofanya kazi ni kugundua mara mbili, mara moja kwa ukubwa mdogo na mara moja kwa ukubwa kamili au wa kati, kisha kuunganisha visanduku vyote. Kama huandiki skripti, pitisha faili kwenye programu, kisha lipitishe tena tokeo lake kwa `--scale` tofauti. Ubora wa picha utapungua kidogo kwa kuandikwa mara mbili.

Nyuso zilizofunikwa nusu kwa kofia pana, barakoa au miwani mikubwa ni shauri jingine. Hapo ukubwa hausaidii sana. Nilizifunika kwa mkono kwenye programu ya kuhariri video, na sijaona njia ya kulikwepa hilo.

Dalili: ukungu upo, lakini uko kando ya uso

Hii hutokea zaidi ukiwa umegawa kazi mara mbili kama nilivyoeleza. Simu nyingi hurekodi kwa mwendo usio thabiti: fremu 30 kwa sekunde panapokuwa na mwanga, chache zaidi gizani. Kigunduzi kikihesabu fremu na mfunikaji akihesabu muda, mwanzoni mwa video vinalingana, na kadiri dakika zinavyokwenda ukungu unaanza kubaki nyuma au kutangulia. Kipimo ni rahisi: angalia dakika ya kwanza na ya mwisho. Kama kosa linakua, ni mwendo wa fremu. Kama ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, umekosea kuhesabu, pengine kwa kuanzia 1 badala ya 0.

Sawazisha faili kabla ya kufanya chochote kingine:

```
ffmpeg -i mbio.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy msingi.mp4
```

Amri hiyo inatibu pia ugonjwa mwingine. Simu ikishikwa wima, picha mara nyingi huhifadhiwa ikiwa imelala, pamoja na alama inayoiambia programu ya kuchezea "igeuze". Skripti fulani haziisomi alama hiyo, kwa hiyo kigunduzi kinaonyeshwa watu waliolala ubavu na hakigundui karibu mtu yeyote. `ffmpeg` inapoandika upya picha inaigeuza kikweli. Ukiona video ya simu imetoka bila ukungu wowote huku ya kamera ya kawaida iko sawa, anzia hapa.

Dalili: nyuso ziko sawa, namba za magari zote zinasomeka

Kwanza hakikisha umeomba zifunikwe. `deface` inagundua nyuso tu. Wengine huchukua modeli ya YOLO iliyofundishwa kwa mkusanyiko wa picha wa COCO, wanaona inagundua magari vizuri, wanadhani namba nazo zimo. COCO ina aina 80 za vitu: gari, pikipiki, basi na lori vimo, kibao cha namba hakimo. Unahitaji modeli iliyofundishwa kwa vibao vyenyewe.

Ukishaipata, dalili hubadilika: namba za magari ya karibu zinafunikwa, za mbali hapana. Ni hesabu ile ile ya nyuso. Maktaba ya `ultralytics`, ambayo wengi huendeshea YOLO, hupunguza picha hadi 640 kwa upande mrefu usipoiambia vinginevyo. Kibao cha pikseli 90 kwenye picha ya 3840 kinabaki na 15. Unaweza kuongeza `imgsz=1280`, lakini kuna njia bora zaidi, nayo ni ya hatua mbili. Tafuta gari kwanza, kwa sababu gari ni kubwa na halikosewi ovyo. Kisha likate hilo gari kutoka kwenye picha ya ukubwa kamili, na utafute kibao ndani ya kipande hicho. Kibao kilichokuwa nukta kwenye picha nzima sasa kinachukua sehemu ya kutosha ya kipande.

Njia hiyo inakupa pia kinga usiyoipata kwa modeli ya vibao peke yake: unajua gari lipo. Gari likigunduliwa na kibao kisionekane, sidhani kwamba halina namba, nadhani modeli imeshindwa. Skripti yangu hapo inafunika theluthi ya chini ya gari. Haipendezi. Lakini video hii ilikuwa ya mbio, hakuna aliyekuja kuangalia bampa.

Pikipiki ziangalie peke yake. Vibao vyake mara nyingi vina mistari miwili na umbo la karibu mraba, na modeli iliyolishwa vibao virefu vya magari huvipita kama haivioni. Vingine vinavyoponyoka ni vibao vinavyoonekana kwa ubavu mkali, vilivyong'arishwa na taa usiku hadi vikawa vyeupe kwenye fremu moja na kusomeka kwenye inayofuata, na namba zilizochorwa ubavuni au kwenye vioo vya gari. Hizo za mwisho si kibao, hakuna modeli ya vibao itakayozijali.

Kwa magari yaliyoegeshwa na kamera iliyo juu ya stendi, acha kabisa ugunduzi wa kila fremu. Chora kisanduku kimoja kwa mkono kinachodumu kipande kizima. Nilitumia saa nzima nikirekebisha vizingiti kwa ajili ya mstari wa magari ambayo hayakusogea hata sentimita.

Dalili: kila kitu kimefunikwa, lakini mtu bado anajulikana

Kama wa mbali hawajulikani na wa karibu wanajulikana, ukungu wako una nguvu isiyobadilika. Ukungu wa pikseli 25 unaufuta uso wa pikseli 60, lakini kwa uso wa pikseli 300 unalainisha ngozi tu. Nguvu lazima iende na ukubwa wa kisanduku. `deface` inafanya hivyo yenyewe. Skripti za mkononi mara nyingi hazifanyi.

Kwa namba za magari sitii kabisa ukungu wala vigae, yaani miraba mikubwa inayoficha picha, ninaziba kwa rangi moja. Uso una maumbo yasiyohesabika, ila kibao kina herufi na tarakimu chache, mwandiko unaojulikana, na mpangilio unaojulikana. Mtu anaweza kuandika kila uwezekano, kuutia vigae kwa kipimo kile kile, na kulinganisha na ulichochapisha. Video humsaidia zaidi, kwa kuwa kila fremu inampa vigae vilivyokatwa mahali tofauti kidogo juu ya herufi zile zile. Rangi moja haina cha kulinganisha. Kwa nyuso za watoto pia ninatumia `--replacewith solid`, kwa sababu hiyo hiyo ya kutotaka kubishana na mtu.

Dalili: picha ni safi, faili linavujisha

Hii ndiyo iliyonishtua, kwa sababu hutokea baada ya kazi kuisha. Nilikuwa nimekata sekunde za mwanzo za video, ambapo mtu alikuwa amesimama karibu sana na kamera, kwa amri ya haraka isiyoandika picha upya:

```
ffmpeg -ss 14 -i tokeo.mp4 -c copy kata.mp4
```

Ukataji wa namna hiyo hauwezi kuanzia fremu yoyote tu. Unarudi nyuma hadi fremu kamili iliyo karibu, kisha faili la MP4 linaandikiwa maelekezo kwamba sehemu ile ya mwanzo isichezwe. Fremu zenyewe bado zimo. Programu nyingine inayopuuza maelekezo hayo inazionyesha. Ukitaka kukata kwa usalama, ondoa `-c copy` ili picha iandikwe upya, au kata kabla ya kufunika, kwa kuwa kufunika kwenyewe kunaandika upya.

Mahali pa kupigia picha na muda hukaa ndani ya faili pia, na kamera fulani za michezo huongeza mkondo mzima wa data wenye njia uliyopita. Kamera hizo hizo hutengeneza mafaili madogo ya onyesho pembeni ya video, ambayo mtu huyapakia kwa bahati mbaya pamoja na folda nzima. Kusafisha ni mstari mmoja:

```
ffmpeg -i tokeo.mp4 -map 0:V:0 -map 0:a:0 -map_metadata -1 -c copy safi.mp4
```

Herufi `V` ni kubwa kwa makusudi. Ikiwa ndogo, inachukulia picha ya jalada iliyopachikwa kwenye faili kuwa ni video nayo, na jalada hilo linaweza kuwa fremu ya kabla ya ukungu. Kisha ikague kwa `exiftool -a -G1 safi.mp4` na usome mistari yote, hasa yenye neno GPS.

Namna ya kujua kama umemaliza

Kutazama tu hakutoshi, kama nilivyoona. Mimi hufanya mambo mawili. La kwanza ni kulipitisha tokeo kwenye kigunduzi tena, kwa kizingiti kidogo zaidi, bila kufunika chochote, huku kikiandika alama juu ya kila kinachokiona:

```
deface safi.mp4 --thresh 0.05 --replacewith none --draw-scores
```

Namba zinapojitokeza, kuna kitu chenye umbo la uso. Mara nyingi ni ukungu wenyewe wenye rangi ya ngozi, na baada ya muda unauzoea. Kasoro ya ukaguzi huu ni kwamba kigunduzi hakiwezi kukiri kisichokijua: kilichomkosa mtu mara ya kwanza huenda kikamkosa tena. Ndiyo maana la pili ni macho, ila kwa karatasi za picha badala ya video:

```
ffmpeg -i safi.mp4 -vf "fps=2,scale=480:-1,tile=5x4" karatasi_%03d.png
```

Fremu mbili kwa sekunde kwa dakika 12 ni fremu 1,440, ishirini kwa kila karatasi, kwa hiyo karatasi 72. Hizo mtu anazimaliza kwa kikao kimoja, na akipata mwenzake ambaye hakuwepo kwenye tukio ni bora zaidi, maana hajui nani yuko wapi na haangalii panapotarajiwa.

Wangu alizipitia na kunirudishia karatasi ya 41. Mwanamke aliyekuwa amefunikwa vizuri kabisa alikuwa amesimama mbele ya gari jeusi lililooshwa, na uso wake ulikuwa kwenye mlango wa gari, wazi, umegeuzwa kama kwenye kioo. Nikachora kisanduku kimoja kwa mkono, sekunde 4, nikaandika faili upya.